Jina la herufi 21 kwenye nafasi ya 15: njia nne za kulifupisha

Tuseme unafungua duka la vitabu vya watoto na unataka jina la akaunti liseme hivyohivyo: dukalavitabuvyawatoto. Lina herufi 21. Instagram italipokea, kwa kuwa inaruhusu hadi 30. TikTok nayo italipokea, maana kikomo chake ni 24. Ukifika X linakataliwa. Huko jina la mtumiaji halizidi herufi 15, na kinachokubaliwa ni herufi za kawaida, tarakimu na mstari wa chini tu. Alama ya @ haihesabiwi, lakini hata hivyo una herufi sita za kuondoa.

Wengi hufuta kutoka mwisho mpaka jina lienee. Jaribu kwenye mfano wetu: unabaki na dukalavitabuvya, herufi 15 kamili, na neno lililokutofautisha na maduka mengine yote ya vitabu limetoweka. Hili halitokei kwa bahati. Kiswahili hutanguliza neno la jumla na kumalizia na lile linalobainisha: duka, la nini? la vitabu, vya nani? vya watoto. Anayekata mkia anakata jibu na kuacha swali. Kwa hiyo kufuta kutoka mwisho sikuweka kwenye ulinganisho huu. Zinabaki njia nne ambazo watu huzitumia kweli, na kila moja ina mahali pake.

## Tunazipima kwa nini

Kipimo cha kwanza ni maana inayobaki. Mtu asiyekujua, akiliona jina peke yake, ataambulia nini? Nasema peke yake kwa sababu X inakupa pia jina la kuonyeshwa lenye nafasi ya herufi 50, na "Duka la Vitabu vya Watoto" pamoja na nafasi zake ni 25 tu. Anayefungua ukurasa wako ataliona jina zima. Tatizo ni pale jina la mtumiaji linaposimama bila msaada: kwenye bango, kwenye risiti, kwenye mfuko wa kubebea, au mteja anapokutagi ndani ya maneno yake mwenyewe.

Cha pili ni kusikika. Ukilitamka kwenye simu au redioni, msikilizaji ataliandika sawasawa bila kuuliza? Biashara nyingi kwetu husambaa kwa mdomo, na jina linalohitaji kutajwa herufi moja moja hupoteza watu njiani.

Cha tatu ni msomeko mwingine. Jina la mtumiaji halina nafasi kati ya maneno, hivyo jicho hukata mahali linapotaka. Kwenye X unaweza kuandika VitabuVyaWatoto na herufi kubwa zikaonekana kama ulivyoziweka, ingawa mfumo hautofautishi kubwa na ndogo. Instagram hugeuza zote kuwa ndogo. Kwa hiyo pima jina likiwa limeandikwa kwa herufi ndogo tupu.

Cha nne ni nafasi ya akiba. Huenda jina ulilochagua lina mwenyewe tayari. Hapo utataka kuongeza tz, ke au jina la mji, na mstari wa chini wa kutenganisha nao unahesabiwa kama herufi. Jina lililojaza nafasi zote 15 halina pa kuongezea kitu.

## Njia ya kwanza: kuacha maneno mazima

Hapa huondoi herufi ndani ya neno. Unaamua neno gani liondoke, na yanayobaki yanabaki kamili.

Wa kwanza kuonewa huwa a-unganifu, yaani la, vya, wa na wenzake. Lugha yenyewe imeshatufundisha hivyo: gari la moshi limekuwa garimoshi na hakuna aliyepotea. Tukifanya vivyo hivyo tunapata dukavitabuwatoto, na hapo ndipo inapouma, kwa sababu ni herufi 16. Umezidisha moja. Ni lazima neno kubwa mojawapo liondoke.

Lipi? Rudi kwenye mpangilio uleule wa jumla mbele na kibainishi mwisho. Neno la mbele kabisa, duka, ndilo linaloweza kukosekana bila hasara kubwa, kwa sababu akaunti yenye picha za vitabu na bei chini yake inajieleza kuwa inauza. Ukiondoa "dukala" unapata vitabuvyawatoto. Hesabu: sita, tatu, sita. Ni 15 kamili, sarufi haijaguswa, na hakuna herufi iliyokatwa katikati ya neno. Ukiondoa na "vya" unapata vitabuwatoto, herufi 12.

Maana inayobaki. Ni kubwa kuliko katika njia nyingine zote. Aliyeona vitabuvyawatoto anajua kila kitu isipokuwa kama unauza, unaazimisha au unaandika. Kama tofauti hiyo ni muhimu kwako, kwa mfano jirani yako ana maktaba ya watoto, basi kuondoa duka kunagharimu zaidi.

Kusikika. Hapa ndipo vitabuvyawatoto na vitabuwatoto zinapoachana, na watu wengi hawaoni mpaka wameshachapisha mabango. Ukimwambia mtu kwenye simu "tutafute kwa vitabu watoto", sikio lake la Kiswahili litaurudisha ule "vya" uliouondoa. Ataandika vitabuvyawatoto na kufika kwa mtu mwingine. Jina lenye a-unganifu husikika kama linavyoandikwa, ila lisilo nao hudai maelezo: "bila vya". Ukichagua fupi na refu likiwa bado liko wazi, lisajili pia na uliache likielekeza kwa lile unalotumia.

Msomeko mwingine. Katika mfano huu hakuna. Angalia tu mahali maneno yanapoungana kwa irabu. Sanaa na asili zikikaa pamoja zinakuwa sanaaasili, na kuhesabu a tatu mfululizo kwenye kibodi ya simu ni kazi. Neno la kati lililoondolewa ili kuokoa nafasi huenda ndilo lililokuwa linazitenganisha.

Nafasi ya akiba. Vitabuvyawatoto haina hata moja. Vitabuwatoto ina tatu, na tatu ndizo hasa unazozihitaji: vitabuwatoto_tz inafika 15 bila kuzidi.

Inamfaa mwenye biashara au huduma ambayo jina lake ni maelezo tu, na ambaye wateja wake wengi ni wageni wanaotafuta kitu, si wanaomtafuta yeye.

## Njia ya pili: kuondoa irabu

Hii ni njia ya SMS, iliyozaliwa wakati kila ujumbe ulikuwa na kikomo cha herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa. Vitabu inakuwa vtb, watoto inakuwa wtt. Ndugu yake ni kutumia tarakimu kwa sauti: watu inakuwa w2, tupo inakuwa 2po. Ukiondoa irabu zote kwenye jina letu, na a-unganifu pia, unapata dkvtbwtt, herufi nane.

Maana inayobaki. Ndogo, na sababu iko ndani ya lugha. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia kwa irabu, na konsonanti tunazozirudia ni chache, kwa hiyo irabu ndizo zinazotenganisha maneno. Ondoa irabu kwenye watu, wote, wetu na wito: yote manne yanakuwa wt. Katika ujumbe mrefu sentensi inakuokoa, lakini jina la mtumiaji halina sentensi ya kulizunguka. Mbaya zaidi kwa mfano wetu, dk mwanzoni mwa jina husomeka kama Dk., yaani daktari, na mgeni anaweza kudhani amefika kwenye kliniki.

Suluhisho la kati ni kuondoa irabu kwenye neno moja tu, lile linaloweza kukisiwa kwa urahisi kutokana na majirani zake. Dukalavtbwatoto ni 15, na dukavtbwatoto ni 13. Duka na watoto vimebaki wazi, na vtb katikati yake inakisika kwa anayejua unachouza. Usiguse h iliyo ndani ya sh, ch, dh au th unapopunguza. Hiyo si herufi ya ziada. Ukiiondoa unabadilisha sauti yenyewe.

Kusikika. Hapa njia hii inaanguka kabisa. Vtb haitamkiki. Utalazimika kusema "vi, ti, bi" au "ve, te, be", na msikilizaji aandike jinsi alivyofundishwa shuleni kwao. Tarakimu nazo zina utata wao: ukisema "mbili" mtu anaweza kuandika neno mbili, na akiliona jina linaloishia na 2 anaweza kudhani ni akaunti yako ya pili baada ya ile ya kwanza kupotea.

Msomeko mwingine. Si mwingi, kwa sababu konsonanti tupu hazijengi neno lingine. Shida ni kwamba hazijengi neno lolote.

Nafasi ya akiba. Kubwa kuliko unavyohitaji. Na majina ya namna hii mara nyingi huwa wazi, kwa kuwa watu wachache hukata sawa na wewe.

Inamfaa mtu binafsi au kikundi cha marafiki kinachoonana kwa maandishi peke yake: wacheza gemu, wanafunzi wa darasa moja, kundi la utani. Kwao jina hubonyezwa na kunakiliwa, halitamkwi. Pia inafaa kwa akaunti ya pembeni ya biashara, ile ambayo huitangazi popote na inatumika kujibu malalamiko tu.

## Njia ya tatu: silabi za mwanzo

Hii ndiyo njia ya taasisi zetu. Baraza la Kiswahili la Taifa ni BAKITA, Baraza la Sanaa la Taifa ni BASATA, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa ni TAMISEMI. Upungufu wa kinga mwilini ukawa UKIMWI, na chakula cha jioni kikawa chajio. Tazama kwamba a-unganifu haupewi nafasi katika hata moja, na kwamba kinachochukuliwa ni silabi, si herufi pweke. Ndiyo maana BAKITA inatamkika kama neno la Kiswahili na mtoto wa darasa la pili anaweza kuiandika baada ya kuisikia mara moja.

Kwa duka letu silabi za mwanzo ni du, vi na wa: duviwa. Herufi sita.

Usikimbilie herufi za mwanzo tupu. Dvw ina tatu, na X haipokei majina mapya ya herufi nne au pungufu. Telegram nayo huanzia tano. Ukiitaka lazima uiongezee kitu, mathalan dvw_mwanza, na hapo neno pekee lenye maana ni Mwanza.

Maana inayobaki. Kwa mgeni, hakuna. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu mifano ya taasisi inadanganya. BAKITA imekuwapo tangu 1967. Imesikika redioni na kuandikwa kwenye majalada ya kamusi kwa zaidi ya nusu karne mpaka ikawa neno. Duka jipya halina muda huo wala redio hiyo. Ukichagua duviwa unachagua kulifundisha jina kwa kila mteja, na kazi hiyo ina gharama yake. Faida yake huja baadaye: likishazoeleka ni lako peke yako, halichanganywi na la jirani, na siku ukianza kuuza madaftari na vinyago vya kuchezea halikubani kwenye vitabu.

Kusikika. Bora kuliko zote nne, endapo umechukua silabi zinazoishia kwa irabu. Du-vi-wa. Hakuna wa kukosea.

Msomeko mwingine. Hapa ndipo pa kukaa na kulisema jina kwa sauti mbele ya watu watatu wanne wa umri na maeneo tofauti. Kuchanganya silabi huzaa maneno usiyoyakusudia. Tuseme umeona duviwa ni fupi mno ukaamua kulibakiza neno duka zima, kisha uchukue vi ya vitabu na to ya mwisho ya watoto. Unapata dukavito, na kila anayesoma Kiswahili ataona duka la vito: pete, mikufu, dhahabu. Hata duviwa yenyewe si salama kila mahali. Mtu wa pwani atasikia uduvi ndani yake, wale kamba wadogo wanaokaushwa na kuungwa kwa nazi. Si tusi, na huenda likakusaidia kukumbukwa, lakini afadhali ulijue mapema.

Ukichukua silabi za mwisho za neno la mwisho badala ya za mwanzo, unaweza kurudisha maana kidogo. Duvitoto ni herufi nane, na ndani yake mna vitoto, watoto wadogo. Au unganisha jina jipya na neno moja kamili: duviwa_vitabu ni 13, nalo linamwambia mgeni angalau bidhaa ni nini.

Nafasi ya akiba. Tele. Herufi tisa zinabaki kwa mji, nchi au neno la kufafanua.

Inamfaa shirika, kikundi cha wanachama, klabu ya shule au biashara inayotarajia kukua na kubadilika, yenye nguvu ya kurudia jina lake kwa miaka.

## Njia ya nne: kusema jambo lilelile kwa neno lingine

Badala ya kupunguza jina ulilonalo, uliza: kuna namna fupi zaidi ya kusema hivi? Wengi huanza na visawe. Watoto unaweza kuwa wana, herufi nne badala ya sita, lakini vitabuwana inasomeka kama mwanzo wa sentensi isiyoisha: vitabu, wana nini? Unaweza pia kutumia toto. Dukavitabutoto ni 14 na kitabutoto ni 10. Yote mawili yanaeleweka, ila fahamu kwamba toto mitaani huitwa msichana mrembo, na kwamba kuna watakaoona utani usiofaa kwenye duka la watoto.

Visawe vya nomino havifiki mbali. Nguvu ya Kiswahili iko kwenye kitenzi, ambacho kinabeba nani, anafanya nini na anamfanyia nani ndani ya neno moja. "Watoto wasome" ni sentensi kamili yenye ombi ndani yake, na watotowasome ni herufi 12. "Msomee mtoto" ni ombi kwa mzazi, na msomeemtoto ni 11. Duka halipo wala vitabu havipo, lakini kusoma na mtoto vipo, na kitu kinachovikutanisha kinajulikana.

Maana inayobaki. Nzuri, ila imehama. Jina la kwanza lilisema unachouza, na hili linasema kwa nini unauza. Wazazi na walimu watalielewa upesi. Anayetafuta kwa kuandika neno "vitabu" kwenye sanduku la utafutaji hatalipata kupitia jina la mtumiaji, kwa hiyo hakikisha "vitabu" limo kwenye jina la kuonyeshwa.

Kusikika. Watotowasome haina shida. Msomeemtoto ina mtego mmoja: irabu mbili za "msomee". Katika maongezi ya haraka ee hiyo hufupika, na msikilizaji huandika msomemtoto. Ukiichagua, jizoeze kutamka "msomee" kwa kuivuta.

Msomeko mwingine. Vitenzi vina hatari nyingine, ya kufanana na majina ya miradi na kampeni, kwa sababu nazo hupenda vitenzi vya kuhimiza. Tusome, kwa mfano, ni neno zuri la herufi sita, lakini nchini Kenya ni jina la mpango wa kusoma katika madarasa ya mwanzo ya shule za msingi ulioanza 2015. Mzazi wa Kenya akiliona atadhani ni kazi ya serikali. Tafuta kwanza kabla ya kulipenda.

Ukichagua kitenzi chenye ng', kumbuka kwamba X haikubali ile alama. Ng'ara inabaki ngara, na Ngara ni wilaya mkoani Kagera na pia mtaa wa Nairobi.

Nafasi ya akiba. Tatu kwa watotowasome, nne kwa msomeemtoto. Inatosha.

Inamfaa mwenye kazi yenye wito ndani yake: elimu, afya, mazingira, dini, michezo ya vijana. Haimfai sana fundi au muuzaji ambaye mteja anamtafuta kwa jina la kitu. Anayetaka kushonewa sare hatafuti ombi, anatafuta "sare".

## Yakiwekwa pamoja

| Jina | Herufi | X, hadi 15 | Mtumaji wa SMS, hadi 11 |
|---|---|---|---|
| dukalavitabuvyawatoto | 21 | hapana | hapana |
| dukavitabuwatoto | 16 | hapana | hapana |
| vitabuvyawatoto | 15 | ndiyo | hapana |
| vitabuwatoto | 12 | ndiyo | hapana |
| dukavtbwatoto | 13 | ndiyo | hapana |
| duviwa | 6 | ndiyo | ndiyo |
| watotowasome | 12 | ndiyo | hapana |
| msomeemtoto | 11 | ndiyo | ndiyo |

Safu ya mwisho nimeiweka kwa ajili ya wafanyabiashara. Ukija kutuma ujumbe kwa wateja kwa jina badala ya namba ya simu, mfumo wa GSM unaruhusu herufi 11 tu kwenye jina la mtumaji, na nafasi kati ya maneno huhesabiwa. Vitabuwatoto inakosa kwa herufi moja. Kama una mpango huo, hata wa mbali, pima kwa 11 tangu leo badala ya kuwa na jina moja kwenye X na lingine kwenye simu za watu.

## Kama ni jina lako mwenyewe

Kwa jina la mtu, maana ni kutambulika, na njia ya kwanza mara nyingi ndiyo inayofaa: neno moja kamili, lingine kwa herufi zake za mwanzo. Mwanahamisi Abdulrahman yana herufi 22 yakiunganishwa. Mwanahamisi pekee ni 11, na mwanahamisi_ar ni 14. Pana jambo la kuangalia kwenye majina yanayoanza na Abdul. Abdulrahman ni mja wa Mwingi wa Rehema, na ukikata sehemu ya kwanza ukabaki na Rahman, umejiita kwa jina ambalo Waislamu wengi hawaliweki juu ya mtu. Ukibaki na Abdul umesema "mja wa" bila kumtaja nani. Wengi huishi na Abdul bila kusumbuka. Wengine hutumia Dulla, ambalo ni jina la nyumbani na mtaani linalojitegemea. Kama familia yako inalichukulia jambo hilo kwa uzito, Dulla au herufi za mwanzo ni salama kuliko kukata katikati.

## Uchague ipi

Kama wateja wako ni wageni wanaotafuta bidhaa na hutarajii kuhamia bidhaa nyingine, acha neno la jumla la mbele na ubakize a-unganifu: vitabuvyawatoto. Likiwa limeshachukuliwa, shuka kwa vitabuwatoto_tz na uwe tayari kusema "bila vya, halafu mstari wa chini" kila mara.

Kama jina lako litatajwa zaidi kuliko litakavyosomwa, yaani redioni, kwenye mikutano ya wazazi au kwa kipaza sauti sokoni, silabi zinazotamkika zinakufaa, au kitenzi kisicho na irabu mbili mfululizo. Irabu zilizoondolewa zitakusumbua hapo siku zote.

Kama mpo wachache, mnajuana na hamtangazi, ondoa irabu mtakavyo.

Kama bado hujui biashara itakuwa nini baada ya miaka miwili, jina la kubuni kama duviwa linakupa uhuru, na duviwa_vitabu linakuvusha kipindi cha mwanzo ambacho hakuna anayelijua. Baadaye ukiondoa "_vitabu" kwenye X, wafuasi wako watabaki, lakini viungo vya zamani vya ukurasa wako havitafika kwako na lile jina la zamani litakuwa wazi kwa yeyote. Kwa hiyo usilichapishe lenye nyongeza kwenye vitu vya kudumu kama kibao cha dukani.

Na kama una kazi yenye wito na wasikilizaji wako ni wazazi, walimu au waumini, andika kitenzi. Liandike kwa herufi ndogo kwenye karatasi, mpe mtu asiyejua mradi wako alisome kwa sauti, kisha mtajie mwingine kwa simu na umwombe akutumie alichoandika. Yakirudi sawa yote mawili, lisajili siku hiyohiyo kwenye mitandao yote unayodhani utaihitaji, hata ile ambayo hujaanza kuitumia.